Bei ya bima ikiwa sawasawa na hasara ya wastani, faida ya kuinunua inatoka wapi?

Mwana wa Kijiweni (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Kuna hoja imeleta ubishi kijiweni kwetu na mimi ndiye niliyeianzisha, kwa hiyo nimeileta huku kwa wenye hesabu zao.

Kuna dogo mmoja amemaliza mkataba wa pikipiki, sasa ni yake. Tukiiuza leo ni 2,400,000. Pembeni ana akiba ya 600,000. Hiyo ndiyo mali yake yote, jumla 3,000,000. Tuchukulie kwamba katika pikipiki kumi za aina yake, moja huibiwa ndani ya mwaka na hairudi. Halafu tuchukulie kuna kampuni inamwambia, "Lipa 240,000, ikiibiwa tunakupa 2,400,000 yako yote." Hakuna cha juu, hakuna ujanja. Moja ya kumi ya 2,400,000 ni 240,000, kwa hiyo bei ni ya haki kabisa.

Sasa hesabu. Asipokata bima, nafasi tisa kati ya kumi anabaki na 3,000,000, na nafasi moja anabaki na 600,000. Wastani wake ni 2,760,000. Akikata bima, iibiwe isiibiwe, anabaki na 3,000,000 toa 240,000, yaani 2,760,000. Ni ileile! Vitabu vya uchumi vinasema mtu anayekwepa hatari atainunua bima hiyo, tena kwa furaha. Ninachouliza ni hiki: kama wastani haujasogea hata shilingi, hicho anachokipata kimetoka wapi? Tafadhali msinijibu "amani ya moyo". Hilo jibu ninalo, nataka hesabu yake.

Kipanga Mweusi

Mkuu, jibu ni rahisi. Mkwepa hatari ni mwoga. Wewe unamwambia wizi ni moja ya kumi, yeye kichwani anaona tatu ya kumi. Kwa hesabu yake yeye hiyo bima ina thamani ya 720,000, anauziwa 240,000, kwa nini asiruke nayo? Uoga unakuza namba. Ndiyo siri ya biashara yote ya bima.

Dereva Mstaafu

Bima za nini wakuu. Mimi gari langu liliibiwa, nimelipia miaka na miaka, nilipokwenda kudai nikaambiwa sijui ripoti ya polisi imechelewa, sijui funguo ya pili iko wapi. Mpaka leo. Jina la kampuni silitaji. Mwambie dogo aweke hela yake kwenye kibubu.

Bandari Salama

Dereva Mstaafu pole sana, ila mleta uzi hakuuliza hivyo. Na wengi wenye pikipiki wana bima ndogo tu, ile ya kisheria, ambayo inamlinda yule uliyemgonga. Chombo chako kikiibiwa haikuhusu. Anayetaka kufidiwa wizi akate bima kubwa. Nasema hivyo maana kila wiki humu kuna mtu analia kwamba "bima imekataa" kumbe hakuwahi kununua hicho anachodai.

Mama Takwimu

Mleta uzi, umeuliza swali zuri na umeliuliza kwa namba nzuri, nitazitumia hizohizo. Nimefanya kazi ya utakwimu bima kwa muda mrefu, na hata wenzangu kazini wengine humeza jibu bila kulitafuna.

Kwanza nimtoe Kipanga njiani. Mtu anayekadiria vibaya uwezekano wa wizi ana tatizo la taarifa. Mkwepa hatari anaweza kujua kabisa kwamba ni moja ya kumi, usimdanganye kwa lolote, na bado akanunua. Dogo wa kijiweni tumpe akili timamu na takwimu sahihi, ndipo swali linanoga.

Shida iko kwenye neno "ileile". Umejumlisha shilingi kana kwamba kila shilingi ina kazi ileile popote ilipo. Angalia dogo akiwa na 3,000,000, yaani pikipiki inatembea na akiba ipo. Ukimwongezea 100,000 atanunua tairi jipya au atamtumia mama nyumbani. Sasa mwangalie akiwa na 600,000 na chombo hakipo. Laki moja hiyohiyo ni kodi ya chumba na chakula cha watoto. Noti ni zilezile, uzito tofauti.

Tuupe huo uzito namba. Tuseme manufaa anayoyapata kutokana na mali yake yanakwenda kama kipeuo cha pili cha mali hiyo. Nimechagua kipeuo kwa sababu kila simu ina kitufe chake. Sifa yake ni kwamba kinapanda kila mali inapopanda, lakini kila hatua inapanda kidogo kuliko iliyotangulia. Sasa piga na mimi:

```
Bila bima:
  0.9 × √3,000,000 + 0.1 × √600,000
= 0.9 × 1,732.05 + 0.1 × 774.60
= 1,636.3

Na bima ya 240,000:
  √2,760,000 = 1,661.3
```

Wastani wa shilingi ni uleule. Wastani wa manufaa haufanani: 1,661 dhidi ya 1,636. Pesa haijaongezeka hata senti, imehamishwa. Bima imechukua 240,000 kutoka kwenye hali tisa ambazo shilingi ni nyepesi, ikaipeleka kwenye hali moja ambayo shilingi ni nzito.

Ukitaka kuona uhamisho wenyewe, punguza hadi hatua ndogo. Kwa bei ya haki, kila 1,000 anayolipa inamnunulia kinga ya 10,000. Wizi usipotokea, amepoteza 1,000. Ukitokea, amepata 9,000 baada ya kutoa aliyolipa. Nafasi ni tisa kwa moja, malipo ni moja kwa tisa, ndiyo maana kwa shilingi tupu ni sare. Lakini kwa kipeuo, shilingi ya mtu mwenye 600,000 ina uzito mara 2.2 ya shilingi ya mtu mwenye 3,000,000. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni faida tupu. Ya pili nayo ni faida, ingawa kidogo zaidi, maana hali mbaya imeshaanza kunenepa na hali nzuri kukonda. Anaendelea hivyo mpaka pande zote mbili zilingane, ambapo uzito wa shilingi ni mmoja. Hapo ni kinga kamili, 2,760,000 huku na 2,760,000 kule. Ndiyo maana kwa bei ya haki mkwepa hatari anajaza kinga mpaka juu.

Mwana wa Kijiweni

Shukrani mama. Hapo kwenye uhamisho nimeelewa vizuri kuliko nilivyowahi kuelewa darasani. Lakini naona umeingiza kipeuo kama mganga anavyoingiza mkono mfukoni. Kwa nini kipeuo? Nikichagua mstari ulionyooka hoja yote inakufa.

Mama Takwimu

Inakufa kweli, na ndivyo inavyotakiwa. Mstari ulionyooka ni mtu asiyejali hatari. Kwake 240,000 ni sare, anunue asinunue ni sawa. Mstari ukipinda kuelekea chini hata kidogo, kwa umbo lolote, jibu ni nunua. Kipeuo kinakupa tu ukubwa wa faida. Mwelekeo hautegemei kipeuo.

Ukubwa unaweza kuusoma kwa shilingi pia. Uliza, ni kiasi gani cha uhakika kingemridhisha dogo sawasawa na bahati nasibu aliyonayo bila bima? Zidisha 1,636.3 kwa yenyewe, unapata kama 2,677,500. Maana yake, kwake kuwa na 3,000,000 yenye hatari ni sawa na kuwa na 2,677,500 isiyo na hatari. Kwa hiyo yuko tayari kulipa mpaka 322,500 kuondoa hatari hiyo. 240,000 ni hasara ya wastani. Zile 82,500 za juu ndizo bei ya "amani ya moyo" uliyonikataza kuitaja.

Na umbo lingine lipo, ingawa hilo la kipeuo ndilo lililotangulia. Daniel Bernoulli, katika andiko lililochapishwa na Akademia ya Sayansi ya Petersburg mwaka 1738, alisema manufaa ya nyongeza ya mali yanapungua kwa kadiri mtu alivyo na mali tayari. Ukimpa 1% ya alichonacho, tajiri na maskini wanafurahi sawa. Hiyo inaleta logi. Ukitumia logi ya Bernoulli kwa dogo wako, yuko tayari kulipa mpaka kama 446,000. Bado anapata nafuu, lakini sasa umbo limeshamfanya mwoga zaidi. Lipi ni sahihi kwake? Hilo halijibiwi kwa kalamu, linajibiwa kwa kumtazama anavyochagua.

Bandari Salama

Naomba nidakie hapo kwa Bernoulli maana mimi kazi yangu ni mizigo ya meli na ule mfano wake naupenda sana. Kuna mfanyabiashara wa Petersburg amenunua bidhaa Amsterdam. Zikifika salama atauza kwa ruble 10,000. Msimu huo katika meli 100 zinazosafiri njia hiyo, 5 hupotea. Bima rahisi anayoipata ni ruble 800. Mwenyewe anaona ni wizi, kwa sababu hasara ya wastani ni 500 tu. Swali la Bernoulli ni hili: awe na mali kiasi gani nyingine, nje ya mzigo huo, ndipo awe na akili kuacha bima?

Jibu alilopata kwa logi ni ruble 5,043. Akiwa na pungufu ya hapo, alipe hizo 800 na asinung'unike. Akiwa na zaidi, abebe hatari mwenyewe. Mzigo haujabadilika, bahari ni ileile, jibu linabadilika kwa sababu ya kilichomo kwenye sanduku nyumbani.

Halafu anageuza meza. Na anayeuza hiyo bima kwa 800, awe na mali kiasi gani ili asiwe mjinga? Ruble 14,243. Wote wawili wanatumia logi ileile, wote wanajua ni meli 5 kwa 100, na bado biashara inafanyika na kila mmoja anaondoka na nafuu. Mimi nikiwa naanza kazi nilidhani lazima mmoja awe amemlalia mwenzake.

Tajiri wa Boda

Hii ndiyo hoja yangu mimi. Nina pikipiki kadhaa za hesabu, na nyumba, tuseme mali kama 30,000,000 hivi. Sijawahi kukata bima kubwa hata moja. Watu wananiita bahili. Ikiibiwa moja, nasaga meno wiki moja, nanunua nyingine. Kwa hiyo kwa hesabu zenu mimi sio mkwepa hatari?

Mama Takwimu

Ndugu Tajiri, unaweza kuwa na moyo uleule wa dogo, umbo lilelile la kipeuo, na bado usikate. Pikipiki moja ya 2,400,000 kwa mtu wa 30,000,000: kwa kipeuo unafikia kulipa mpaka kama 244,500. Yaani kwa bei ya haki ya 240,000 wewe pia ungenunua, ila nafuu yako yote ni kama 4,500. Dogo nafuu yake ni 82,500 kwa pikipiki ileile. Kwenye kipande kidogo cha mkunjo, mkunjo unaonekana kama mstari ulionyooka. Kampuni ikiweka juu 10,000 tu ya karani na karatasi, wewe umeshatoka sokoni na dogo bado yumo.

Tena una pikipiki nyingi zilizo kwenye vijiwe tofauti, haziibiwi zote usiku mmoja. Umeshajikatia bima mwenyewe bila kujua.

Kipanga Mweusi

Sawa, uoga wa namba nimeuweka pembeni. Lakini nani duniani anauza kwa bei ya haki? Wakala anataka kamisheni, ofisi inalipa pango, serikali inataka 18% ya VAT. Uzi mzima unajadili bei ambayo haipo.

Mama Takwimu

Hapo uko sahihi, na ndipo hesabu inapoanza kuwa na faida kwa mnunuzi. Tuseme bei ni 300,000 badala ya 240,000. Dogo alikuwa tayari kufika 322,500, kwa hiyo kinga kamili kwa 300,000 bado inamfaa kuliko kukaa bila bima: kipeuo cha 2,700,000 ni 1,643 dhidi ya 1,636. Wengi wanaishia hapo na kusaini.

Lakini kumbuka zile hatua ndogondogo. Sasa kila 1,000 inanunua kinga ya 8,000 tu, sio 10,000. Hatua za mwanzo bado zinalipa, kwa sababu shilingi ya hali mbaya ni nzito sana. Hatua za mwisho hazilipi, maana pande mbili zimeshakaribiana uzito na wewe bado unalipia kamisheni. Ukitafuta pa kusimama, ni kinga ya kama 1,280,000, zaidi kidogo ya nusu, kwa 160,000. Manufaa yake ni 1,648. Yanapita kinga kamili ya 300,000, na yanapita kukaa bila kitu. Mchumi Jan Mossin aliionyesha kanuni hii mwaka 1968: bei ikizidi haki, mkwepa hatari habebeshi kampuni hasara yote.

Ndiyo maana mkataba unaokuachia ubebe kiasi fulani cha mwanzo cha hasara, na wenyewe ukawa wa bei nafuu, mara nyingi ni rafiki yako. Watu huuchukia, wanaona wamepunjwa.

Malkia wa Nyali

Salamu kutoka Mombasa. Mama, hapo kwa nusu nina swali la mtu wa mtaa. Huyo kijana chombo kikiibiwa, amepoteza chombo na pia kazi. Kesho asubuhi hana cha kupakia abiria. Hasara yake si hiyo 2,400,000 peke yake, ni pamoja na miezi atakayokaa bila kipato mpaka apate nyingine. Ukimpa 1,280,000 hapati pikipiki, anapata nusu pikipiki.

Mama Takwimu

Dada Malkia, umenibana vizuri. Kipeuo changu kinachukulia mali ni mali, 600,000 ni 600,000. Kama 1,280,000 pamoja na akiba haimrudishi barabarani, basi pale chini mkunjo una shimo, na ukikokotoa na shimo hilo atataka kinga kubwa zaidi ya nusu hata kwa bei ya juu. Kwa namba za hapa anabaki na 1,720,000 baada ya wizi, ambayo labda ni pikipiki iliyotumika sana. Inategemea anaweza kukopa au hawezi. Mwenye mtu wa kumkopesha bila riba anaweza kuishi na nusu.

Dereva Mstaafu

Nyote mnapiga vipeuo kana kwamba kampuni inalipa. Mimi nimesema kampuni HAIKULIPA. Wekeni hiyo kwenye kikokotoo.

Mwana wa Kijiweni

Mzee hapo ameuliza swali zito kuliko langu. Tuseme katika watu kumi wanaoibiwa, wanane wanalipwa na wawili wanazungushwa mpaka wanakata tamaa. Bei inabaki 240,000. Bado anunue?

Mama Takwimu

Haya, tuiweke. Sasa kuna hali ya tatu ambayo haikuwepo: umeibiwa, hukulipwa, na 240,000 ulishaitoa. Unabaki na 360,000. Hiyo ni mbaya kuliko kuibiwa bila bima, ambapo ungebaki na 600,000.

```
Wanalipwa 8 kati ya 10:
  0.98 × √2,760,000 + 0.02 × √360,000
= 0.98 × 1,661.3 + 0.02 × 600
= 1,640.1

Wanalipwa 7 kati ya 10:
  0.97 × 1,661.3 + 0.03 × 600
= 1,629.5

Bila bima:
  1,636.3
```

Kwa wanane, bima bado inashinda kwa unywele. Kwa saba, imeshindwa. Na ona linalotokea: yule mwoga kupita kiasi, aliyepaswa kuwa mteja namba moja, ndiye anayeikimbia mapema. Kwa logi ya Bernoulli bado ananunua hata wakilipwa saba, lakini mkunjo ukiwa mkali sana kuliko logi, hali ya 360,000 inamchoma mpaka anaikimbia hata wakilipwa wanane. Bima isiyoaminika inafanya kinyume cha kazi yake. Inatoa shilingi kwenye hali mbaya kabisa, pale ilipo nzito kuliko kote.

Kwa hiyo Mzee Dereva, kutokata kwako sio ujinga wala ukaidi. Kama kwa uzoefu wako unaamini malipo ni saba kwa kumi, hesabu ya kipeuo iko upande wako. Ila kabla ya kuamini saba kwa kumi mtu aulize kampuni yenyewe inahitaji nini siku ya madai: taarifa ya polisi ndani ya muda gani, funguo zote, kadi ya chombo ya jina lake. Pikipiki nyingi za mkataba kadi bado ina jina la tajiri, hata baada ya deni kuisha. Mleta uzi, mwambie dogo abadilishe umiliki kabla ya kulipa senti ya bima.

Dereva Mstaafu

Angalau leo kuna mtu amenielewa. Lakini mimi bado sikati.

Tajiri wa Boda

Swali la kichokozi. Huyohuyo dogo anayekwepa hatari, kila Jumamosi yuko kwenye mkeka. Anaweka elfu mbili apate laki tano. Mkeka hauna bei ya haki, kampuni inakula kwa wastani. Mkunjo wenu unasema mkwepa hatari asiuguse. Sasa huyu ni mkwepa hatari au mpenda hatari?

Bandari Salama

Hilo liliwahi kuwasumbua wakubwa. Milton Friedman na Leonard Savage waliliandikia mwaka 1948. Wazo lao: mkunjo unapinda chini mahali fulani, halafu ukifika juu unapinda kwenda juu. Kwa hiyo mtu anajikinga asianguke, na hapohapo anacheza bahati nasibu ya kumtoa kwenye tabaka alilomo. Laki tano kwa dogo inaweza kuwa malipo ya mwanzo ya bajaji, yaani maisha mengine kabisa.

Kipanga Mweusi

Au ni kama nilivyosema mwanzo. Uwezekano mdogo unakuzwa kichwani. Nafasi ya mkeka ni finyu mno, yeye anaiona iko karibu. Nafasi ya wizi ni ndogo, anaiona kubwa. Maelezo moja, tabia mbili.

Mama Takwimu

Kipanga, ulichosema hakijibu swali la kwanza la uzi, lakini hapa kina uzito. Kahneman na Tversky mwaka 1979 walijenga nadharia ambayo watu huupa uwezekano mdogo uzito mkubwa kuliko unaostahili, na inaeleza bima na bahati nasibu kwa pamoja. Ila inaleta shida yake. Kama watu wanakuza kila kilicho nadra, kwa nini bima ya mambo nadra na mabaya ndiyo ngumu kuuza kuliko zote? Nimeuza bima, najua. Mtu anakubali haraka kukinga simu isipasuke kioo, ukimwambia mafuriko anakwambia Mungu mkubwa. Mimi mwenyewe siamini kwamba kuna mkunjo mmoja unaobeba yote hayo.

Malkia wa Nyali

Mkeka nadhani ni burudani tu. Elfu mbili ni tiketi ya kutazama mpira ukiwa na roho juu. Hakuna anayenunua bima ili afurahie msimu.

Tajiri wa Boda

Haha, hilo nalo neno. Ila sijashawishika, kuna watu wanaweka hesabu ya tajiri humo. Hiyo si burudani.

Mwana wa Kijiweni

Turudi kijiweni. Tuko kama 100 ukijumlisha vijiwe vya jirani. Kwa nini tusiwe kampuni sisi wenyewe? Kila mtu 240,000 kwa mwaka, tunapata 24,000,000. Wakiibiwa kumi, tunawalipa kumi. Hakuna wakala, hakuna ofisi, hakuna wa kumzungusha mtu. Bei ya haki imepatikana.

Mama Takwimu

Imepatikana kwa mwaka ambao wanaibiwa kumi kamili. Kwa watu 100 na wizi wa moja kwa kumi, mwaka wa kawaida tu unaweza kuyumba kwa watatu hivi juu au chini. Wakiwa 13 mnadaiwa 31,200,000 na mnayo 24,000,000. Wa mwisho kuibiwa ndiye Dereva Mstaafu wenu mpya. Mngekuwa 10,000, mtikisiko ungekuwa kama 30 kwenye 1,000, yaani 3% badala ya 30%. Kampuni haina ujasiri kuliko nyinyi, ina watu wengi.

Kinachoweza kuwaokoa ni kimoja kati ya viwili. Ama mnaanza na akiba, mathalani kila mtu aweke 330,000 mwaka wa kwanza, na kinachobaki kibebwe mwaka unaofuata. Ama mnakubaliana mapema kwamba hamlipi yote, mnalipa 1,800,000 kwa kila aliyeibiwa, na kikibaki mnaongeza mwisho wa mwaka. Kwa kipeuo njia zote mbili zinampita mtu aliyekaa peke yake.

Bandari Salama

Na wasiwe wote wanaegesha usiku kwenye uwanja mmoja. Nasema hivi kwa sababu ya kilichotokea Kariakoo, soko lilipoungua Julai 2021. Wenye vizimba wa jengo moja wakiwekeana dhamana wenyewe kwa wenyewe, moto ukija wote ni wahanga na hakuna wa kumlipa mwenzake. Wastani haukusaidii kama hasara zinakuja kwa pamoja.

Mwana wa Kijiweni

Tunaegesha sehemu tatu, kubwa ina pikipiki kama 40 na mlinzi mmoja.

Mama Takwimu

Basi hizo 40 kwenye hesabu yako zihesabu kama kitu kimoja, sio 40. Hapo ndipo ningetafuta kampuni ya nje, hata kwa bei isiyo ya haki, ichukue tukio la usiku mmoja likipita pikipiki tano, na nyinyi mbaki na wizi wa mojamoja.

Tajiri wa Boda

Mkianza nipo, lakini pikipiki zangu ni mpya na madereva wangu wanalala nazo ndani. Nalipa 240,000 sawa na wanaoegesha nje?

Mwana wa Kijiweni

Tajiri, hilo sina jibu lake. Nikiweka bei moja wewe utajitoa, ukijitoa wizi wa waliobaki unakuwa zaidi ya moja kwa kumi, na 240,000 haitoshi tena. Nikiweka bei mbili, kesho kila mtu analala na pikipiki ndani kwa mdomo. Kikao ni Jumapili. Mama Takwimu, kama kuna namna ya kumtambua anayelala nayo kweli, tuandikie hapa kabla ya siku hiyo.